Ule Si Uchafu, Ni Ute: Acheni Kutuhesabia Siku ya 14

Wiki hii tunaandika jambo ambalo wengine watasema ni la aibu. Sisi tunaona aibu kubwa ni kulinyamazia, kwa sababu mabinti wetu wanalipa gharama yake.

Kambini kwetu, kila tukikaa darasa la afya ya uzazi, tunachorewa duara lenye siku 28. Siku ya 1 hedhi inaanza, siku ya 14 yai linatoka, siku ya 28 duara linafunga. Tunaambiwa tukwepe siku za katikati, basi. Halafu binti akiuliza kuhusu ule utelezi anaouona kwenye chupi, anajibiwa haraka: "Huo ni uchafu, nenda zahanati." Anaenda, anapanga foleni tangu asubuhi, anarudi na vidonge. Mwezi unaofuata utelezi unarudi, naye anaamini ana ugonjwa usiopona. Kumbe hana ugonjwa wowote. Mwili ulikuwa unamwambia kitu ambacho lile duara haliwezi kumwambia.

Msimamo wetu ni huu: darasa linalofundisha siku ya 14 bila kufundisha ute linatupa nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayotuingiza kwenye matatizo.

Tuanze na ute wenyewe. Unatengenezwa kwenye mlango wa kizazi, ile shingo nyembamba iliyo kati ya uke na mfuko wa uzazi. Haubaki vilevile mwezi mzima. Hedhi ikiisha, wanawake wengi huwa wakavu kwa siku chache, au wana ute kidogo, mzito, unaonata kama gundi. Ute huo ni kama mlango uliofungwa, kwani mbegu za kiume zinakwama pale na kufa kwa tindikali ya ukeni.

Baadaye yai moja linaanza kukomaa, na homoni ya estrojeni inapanda. Ute nao unaongezeka. Kwanza unakuwa mweupe na laini kama losheni, kisha unakuwa na majimaji, mwangavu, unateleza. Ukiuweka kati ya kidole gumba na cha shahada, unavutika bila kukatika, kama ute mweupe wa yai bichi la kuku. Hapo mlango umefunguliwa. Ute wa aina hii unazilinda mbegu dhidi ya tindikali, unazilisha na kuzipitisha. Ndani yake mbegu zinaweza kuishi hadi siku 5 zikisubiri yai, na yai lenyewe likishatoka linaishi kama siku moja tu. Ndiyo maana siku za kushika mimba ni kama 6 hivi: zile 5 kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe.

Siku ya mwisho ya ute ule wa kuteleza inaitwa siku ya kilele. Yai kwa kawaida hutoka karibu na siku hiyo. Kisha homoni nyingine, projesteroni, inachukua zamu, na ute unageuka ghafla kuwa mzito au unakauka kabisa. Kuanzia hapo hadi hedhi inayofuata ni wiki mbili hivi, na kipindi hiki cha mwisho hakibadiliki sana.

Sasa tazameni kosa la duara liko wapi. Zile siku 14 zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka hedhi ijayo, wala si kwenda mbele kutoka hedhi iliyopita. Sehemu ya mwanzo, kabla yai halijatoka, ndiyo inayorefuka na kufupika. Na nini kinairefusha? Homa, njaa, safari, usingizi mbovu, hofu. Yaani maisha yetu yenyewe! Mtu aliyevuka mpaka kwa miguu, au aliyepunguziwa mgao wa chakula, hawezi kuambiwa kwamba yai lake litafuata ratiba ya kwenye ubao.

Tuwape mfano wa dada mmoja tunayemfahamu, ametukubalia tueleze bila jina. Ana mume na watoto wawili, na hakutaka mimba mwaka ule. Hedhi yake ilianza tarehe 3 Machi. Kwa kawaida mzunguko wake ni siku 28, kwa hiyo alihesabu alivyofundishwa: siku ya 14 ni tarehe 16. Kwa usalama akajizuia kuanzia tarehe 10 hadi 19, siku kumi nzima. Da, nani angesema huyu ni mzembe?

Lakini tarehe 12 alishikwa na malaria, akalala na homa siku kadhaa. Kabla ya homa alikuwa ameona ute kidogo wa kunata. Wakati wa homa akawa mkavu. Tarehe 19 ute ukarudi, na tarehe 21 hadi 23 ukawa mwingi, mwangavu, wa kuvutika. Yeye akadhani ni "uchafu" ulioletwa na dawa za malaria. Tarehe 21 alikutana na mumewe, akiwa na hakika kuwa siku za hatari zimepita. Tarehe 31, alipotarajia hedhi, hakuiona. Wala wiki iliyofuata. Kipimo kikasema ana mimba.

Hesabu mwenyewe. Kilele chake kilikuwa tarehe 23, siku ya 21 ya mzunguko. Bila mimba, hedhi ingekuja karibu tarehe 6 Aprili. Mzunguko wake ulirefuka wiki moja, na mwili ulimpa taarifa siku tano mfululizo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemfundisha kuisoma.

Kuusoma si kazi ngumu. Kuna njia ya maswali mawili ambayo hata asiyejua kusoma anaweza kuitumia. Kila siku, mchana au jioni, unaangalia: kwenye chupi, kwa kidole safi, au unapojifuta chooni. Kisha unajiuliza: Leo nimeona ute wowote? Jana niliona ute wowote? Kama jibu la hata moja ni ndiyo, leo unaweza kushika mimba. Kama yote mawili ni hapana, uwezekano ni mdogo. Huhitaji kubishana kama ni mzito au mwepesi. Wasio na kalenda wanaweza kuweka kokote mbili kwenye kopo, ya rangi na ya kawaida, kujikumbusha jibu la jana. Dada yetu angejiuliza hivyo tarehe 21, angepata ndiyo mbili.

Kwa anayetafuta mtoto ni kinyume chake. Zile siku za kuteleza ndizo za kukutana, wala asisubiri zikauke. Tunawajua wanandoa waliokuwa wakilaumiana ugumba huku wakikutana baada ya kilele tu, kwa sababu mke aliona vibaya kukutana "akiwa mchafu".

Sasa tuseme ukweli wote. Kati ya wanawake 100 wanaotumia njia ya maswali mawili kwa mwaka, bila kukosea, kama 4 hupata mimba. Katika matumizi ya kawaida, ambapo watu wanasahau au wanakubaliana "leo tu", ni kama 14. Vipandikizi na kitanzi vinazuia zaidi ya hapo. Ute pia hauzuii Virusi vya UKIMWI wala kisonono, hapo ni kondomu. Anayetumia sindano, vidonge au kipandikizi asiusome, kwa sababu homoni hizo zinaubadilisha. Shahawa za jana zinaweza kudanganya macho. Mama anayenyonyesha naye anahitaji kuzungumza na mhudumu kwanza.

Na kuna jambo zito zaidi. Njia hii inahitaji mwanamume anayekubali neno "leo hapana". Wapo mabinti kambini ambao hawana ruhusa hiyo. Kuwafundisha ute na kuwanyima njia nyingine ni kuwabebesha mzigo usio wao. Na aliyelazimishwa asiangalie ute kabisa ili kuamua kama aende kutibiwa. Aende mara moja: dawa ya kuzuia Virusi vya UKIMWI inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya siku 5, mapema ndiyo bora.

Je, kuna ute wa ugonjwa? Upo, na ndiyo sababu nyingine ya kuujua ule wa kawaida. Ute mzima hauwashi wala hauna harufu kali, na unakuja na kuondoka kwa zamu. Ukiona kitu cheupe cha mabonge kama maziwa yaliyoganda pamoja na muwasho, huenda ni fangasi. Ukiwa wa kijivu wenye harufu ya samaki, au wa njano na kijani wenye povu, au ukiwa na maumivu chini ya kitovu, homa, au damu isiyo ya hedhi, nenda zahanati bila kuchelewa. Na tusijioshe ndani kwa sabuni, ndimu wala chumvi. Kufanya hivyo kunaharibu kinga ya uke na kualika magonjwa yaleyale tunayoyakimbia.

Kuna watakaosema kwamba tukifundisha haya tunawafungulia mabinti njia ya uasherati. Tunawaheshimu wazazi wetu, lakini tunawajibu: binti huanza kuona ute miezi kadhaa kabla ya hedhi yake ya kwanza. Huyo ni mtoto wa miaka 11 au 12, hajui mwanamume. Anachotaka kujua ni kama anaumwa. Mama akimwambia "huo ni ute wa ukubwa, unakua salama", amemfundisha uasherati gani?

Kwa hiyo ombi letu kwa ndugu zetu wa mashirika ni dogo. Siku ya kugawa pedi mabinti wote wapo pale, wamekaa wanasubiri. Ongezeni dakika 20. Leteni yai moja la kuku, livunjeni kwenye sahani, mtu auvute ule ute kwa vidole kila mmoja aone. Futeni siku ya 14 ubaoni, au angalau andikeni chini yake kwamba homa na njaa huisogeza. Na wahudumu wa zahanati, kabla ya kuandika vidonge, muulizeni binti maswali matatu: Unawasha? Unanuka? Unakuja na kuondoka kila mwezi?

Na sisi vijana, tuanze na neno. Tuache kusema "uchafu" kwa kitu kisafi. Kiitwe kwa jina lake: ute.