Naini si Saa Tisa

Ndugu zangu mnaoandika tamthilia na filamu fupi za vijana wa mjini, sikuja kuwagombeza kwa kuchanganya Kiswahili na Kiingereza. Kijana wa Sinza anayezungumza na mwenzake kama msomaji wa taarifa ya habari hasadikiki. Ugomvi wangu ni mmoja: mnachanganya mahali pasipofaa, wala hamtambui kuwa mtazamaji amepotea, kwa sababu mara nyingi hata yeye mwenyewe hatambui.

Wengi hudhani tatizo ni wingi wa Kiingereza. Sivyo. Mwanaisimu Carol Myers-Scotton, aliyechunguza maongezi ya watu wa Nairobi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1993 kwamba katika sentensi iliyochanganywa lugha moja ndiyo inayoshika usukani. Hiyo hutoa mpangilio na viambishi. Nyingine huja kama mgeni, na maneno yake mkononi. Msikilizeni kijana asemaye, "Nimekanseli ile safari ya Moro." Asiyelijua neno lile moja bado anajua nani katenda, kwamba jambo limekwisha kutendeka, na kwamba linahusu safari. Akimwona pia akirudisha nguo kabatini, hakosi kitu. Lakini mhusika akikiacha Kiswahili kabisa, akatamka kwa Kiingereza kitupu kwamba asipolipwa kabla ya Ijumaa atakwenda polisi, hapo mwenyeji katoka nyumbani. Sharti, siku na tishio vimeondoka naye, na kisa chote kilichobaki kinavitegemea vitu hivyo vitatu.

Tena msiniambie kwamba vijana wote wanaelewa. Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania masomo kwa kawaida hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo mojawapo. Lugha ya kufundishia hugeuka sekondari. Basi aliyeishia darasa la saba na aliyemaliza kidato cha sita hukaa kijiwe kimoja, huvaa mtindo mmoja, na wote wawili husema "dili" na "freshi". Kulitamka neno ni jambo moja, kuifuata sentensi nzima ni jingine.

Hatari kubwa kuliko zote ni neno ambalo mtazamaji anadhani amelielewa. Nitunge mfano. Neema anapigiwa simu usiku: "Intavyu ni kesho naini, usichelewe." Onyesho linalofuata ni asubuhi, Neema anakimbilia daladala, jasho linamtoka; anafika, anaambiwa amechelewa, anarudi akilia. Mwandishi alitaka tumhurumie kwa sababu ya foleni. Lakini mtazamaji anajua tangu utotoni kuwa naini ni tisa, na kwa Kiswahili saa tisa ya mchana ni alasiri. Anashangaa haraka yote ile ya asubuhi ni ya nini, na Neema anapokataliwa anaamini kwamba bosi ni mwonevu. Atazitazama sehemu zote zilizobaki akingoja bosi aumbuke, na bosi haumbuki.

Dawa si kumfanya msemaji ajitafsiri mwenyewe kwa "naini, yaani saa tatu". Marafiki hawaongei hivyo. Mwachieni kazi hiyo anayesikiliza. Neema ajibu: "Saa tatu asubuhi? Basi saa kumi na moja niwe kituoni." Ni mstari mmoja tu, na humo humo tumejua kwamba anakaa mbali.

Katika tamthilia za afya kosa la aina hii huumiza zaidi. Muuguzi anasema, "Majibu yako ni pozitivu." Mitaani neno hilo lina maana ya jambo jema: watu huhimizana wawe na mawazo pozitivu. Mgonjwa anapolia, mtazamaji anaweza kudhani ni machozi ya furaha. Nawasihi, muuguzi aseme, "Una maambukizi." Saa, tarehe, kiasi cha fedha, kipimo cha dawa, sharti na katazo viandikwe kwa Kiswahili hata kama mhusika ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Utani, majigambo na maneno ya kutongoza, changanyeni mpendavyo.

Wapo wanaotegemea maandishi ya chini ya skrini. Yanasaidia, lakini nafasi yake kwa kawaida ni mistari miwili mifupi, na mama anayefuatilia tamthilia huku anakaanga vitunguu husikia tu, hasomi.

Kabla ya kupiga picha, usomeni mswada kwa sauti mbele ya watu watano walioishia darasa la saba. Msiwaulize kama wameelewa, kwa maana watasema ndiyo kwa adabu tu. Waombeni wawasimulie kisa: nani alifanya nini, lini, na kwa nini. Mmoja wao akisema bosi alimwonea yule binti, msianze kumsahihisha. Rudini kwenye ile simu ya usiku.