Jibu lililobaki si lazima liwe jibu sahihi

Hebu tuanze na swali ambalo kijana wa Kisegi, Nyandiwa, Sori au Muhuru Bay hafai kulikosa, maana jibu lake huliona ufuoni karibu kila siku. Kabla hujasoma aya inayofuata, chukua kalamu ulijibu mwenyewe.

Ni samaki yupi kati ya hawa aliyeletwa Ziwa Viktoria kutoka kwingine katika karne ya 20, na ambaye chakula chake kikuu si samaki wenzake?
A. Omena
B. Mbuta
C. Kamongo
D. Tilapia wa Nile

Umechagua? Sasa tumsikize mtahiniwa mmoja wa kuwaziwa akijibu kwa njia tuliyofunzwa wengi wetu, ile ya kuondoa majibu mabaya mpaka libaki moja. Anaanza na omena. Huyo ni wa ziwa hili tangu jadi, kwa hivyo anamkata. Kamongo naye ni wa hapa hapa, anamkata. Anafika kwa tilapia. Anajiambia, "Tilapia si ndio ngege? Na ngege si babu zetu walikuwa wakimvua zamani?" Anamkata pia. Amebaki mbuta. Isitoshe, kila mtu anajua mbuta aliletwa. Anapaka B na kugeuza ukurasa akiwa ametulia kabisa.

Amekosa. Jibu ni D.

Angalia alivyokosa, kwa sababu hakukosa kwa kutojua. Ni kweli mbuta aliletwa ziwani katika miaka ya 1950. Lakini swali lilikuwa na sharti la pili: chakula chake kikuu kisiwe samaki wenzake. Mbuta akishakua huishi kwa kula samaki, na ndiye anayelaumiwa zaidi kwa kupungua kwa samaki wadogo wengi wa ziwa hili. Mtahiniwa wetu anajua hayo pia, kwani ameona kilichomo tumboni mwa mbuta anapopasuliwa. Ila hakurudi kwenye swali kuuliza kama mbuta anatimiza sharti hilo. Alipobaki peke yake, alimchukua kuwa mshindi.

Kosa lenyewe lilitokea mapema, kwa tilapia. Jina ngege siku hizi huitwa tilapia yeyote, lakini ngege wa asili ni samaki mwingine, yule ambaye wanasayansi humwita Oreochromis esculentus. Huyo na mbiru ni wa ziwa hili tangu zamani. Tilapia wa Nile, Oreochromis niloticus, ambaye wavuvi wengi wa Kijaluo humwita nyamami, ni mgeni aliyeletwa miaka ile ile ya mbuta. Chakula chake kikubwa ni mwani, wadudu na vijidudu vya majini. Anatimiza masharti yote mawili. Mtahiniwa alimkata kwa sababu ya jina, na baada ya hapo hakuna hatua iliyomrudisha.

Hilo ndilo jambo tunalotaka kulisema leo, hasa kwako wewe wa Gredi ya 6 unayejiandaa kwa KPSEA, na wewe wa Gredi ya 9 utakayekutana na maswali ya aina hii katika KJSEA. Kukata majibu ni njia nzuri ya kutafuta jibu. Si njia ya kulithibitisha. Hizo ni kazi mbili tofauti, na shida ni kwamba wengi wetu tunafanya ya kwanza tukidhani tumemaliza zote.

Fikiria kukata ni nini hasa. Kila unapochora mstari juu ya jibu, unatoa madai kwamba hili haliwezi kuwa lenyewe. Ukikata matatu, umetoa madai matatu, na jibu la nne ni sahihi ikiwa tu madai yote matatu ni ya kweli. Tuseme kila mara unapokata, kuna uwezekano wa 10 kwa 100 kwamba umekata jibu sahihi. Ni kidogo, si ndio? Lakini jibu sahihi ni moja tu, kwa hivyo hatari hizo tatu zinajumlishwa: 10 na 10 na 10 ni 30. Jibu lililobaki sasa lina uwezekano wa 70 kwa 100 wa kuwa sahihi. Kwa maneno mengine, katika maswali 10 ya namna hiyo utapoteza karibu 3, na yote matatu utayapoteza ukiwa na uhakika moyoni.

Kumbuka pia kwamba mtunzi wa swali hatupi majibu mabaya ovyo. Mtunzi mzuri hukaa akajiuliza, "Mwanafunzi akisahau kipengele hiki, atapata jibu gani?" Kisha huliandika jibu hilo. Ndiyo maana jibu baya mara nyingi linafaa karibu swali zima, isipokuwa mahali pamoja. Tazama hili la hisabati.

Muuzaji alinunua madebe 5 ya omena kwa sh 800 kila debe. Alilipa boda boda sh 500 kuyapeleka yote sokoni. Debe moja lililoa mvua likaharibika, akalitupa. Auze kila debe lililobaki kwa bei gani ili apate faida ya asilimia 20 ya pesa zote alizotumia?
A. Sh 960
B. Sh 1,080
C. Sh 1,200
D. Sh 1,350

Mtahiniwa anayekata anaweza kwenda hivi. Sh 960 ni asilimia 20 juu ya bei ya debe moja tu, ni rahisi mno, ondoa. Sh 1,350 ni kubwa mno kwa debe lililonunuliwa sh 800, ondoa. Sh 1,080 inagawanya kwa madebe 5, na moja lilitupwa, ondoa. Imebaki sh 1,200. Anapaka C.

Sasa fanya hatua aliyoiruka. Chukua C uirudishe ndani ya swali kana kwamba wewe ndiye uliye sokoni. Umeuza madebe 4 kwa sh 1,200, umepata sh 4,800. Ulitumia sh 4,000 kununua na sh 500 kwa boda boda, jumla sh 4,500. Faida yako ni sh 300. Asilimia 20 ya sh 4,500 ni sh 900. Jibu halifiki. Kumbe sh 1,200 ni hesabu ya mtu aliyekumbuka debe lililoharibika lakini akasahau nauli. Jaribu D: madebe 4 kwa sh 1,350 ni sh 5,400. Toa sh 4,500, imebaki sh 900. Hapo kila kipengele kimetimia: bei, nauli, debe lililopotea na faida.

Angalia pia ni lini mtahiniwa alipotea. Aliikata D kwa neno "kubwa mno". Hiyo si sababu, ni hisia. Alipoikata B alitaja kipengele cha swali, yaani debe lililotupwa, na hapo alikuwa sahihi. Tofauti hiyo ndiyo ya kukariri. Mstari wa kukata unaostahili kuaminiwa ni ule ambao unaweza kuutajia neno la swali linalouunga mkono. Kama huwezi kulitaja, usichore mstari mzito. Weka alama ndogo ya kuuliza kando ya herufi, ili ukirudi ujue mahali pa kuanzia.

Najua utasema muda hautoshi. Tuhesabu basi. Ule mtihani wa zamani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa na maswali 50 ya hisabati kwa saa 2. Hiyo ni dakika 2 na sekunde 24 kwa kila swali. Kulirudisha jibu ndani ya swali la omena huchukua chini ya nusu dakika, kwa sababu hutafuti tena, unakagua tu. Kwa swali la samaki ni sekunde chache: Aliletwa? Ndiyo. Hali samaki wenzake? La, huwala. Basi siye.

Jinsi ya kukagua ni kupitia swali ukipigia mstari kila neno linaloweka sharti. Maneno ya kuogopwa ni machache na yanajirudia: "isipokuwa", "si", "kwanza", "zaidi", "yote", "kila", na vipimo kama kilo na gramu. Ukifika kwenye sharti ambalo jibu lako halilitimizi, simama. Rudi kwa jibu uliloliwekea alama ya kuuliza ulijaribu hilo. Lakini usibadilishe jibu kwa sababu tu moyo umeanza kudunda. Badilisha pale unapoweza kunyoosha kidole kwenye neno fulani la swali na kusema, hili halikutimia.

Njia hii ina mipaka yake. Kuna maswali yanayouliza jibu "bora zaidi", kwa mfano kichwa kinachofaa ufahamu, ambapo majibu mawili yanaweza kufaa na wewe unapima lipi linabeba habari nyingi zaidi. Hapo unalinganisha, hukagui tu. Na kuna swali ambalo hulijui kabisa. Katika mtihani usiokata alama kwa jibu baya, kata unayoweza, chagua katika yaliyobaki, usiache pengo. Ila jiambie ukweli kwamba hapo umekisia.

Kwa walimu wetu tuna ombi moja. Karatasi ya marudio inaposahihishwa kwa kusoma herufi tu, "moja B, mbili D", mwanafunzi aliyepata kwa bahati na aliyepata kwa kujua wanapewa tiki ile ile. Chukueni maswali machache, hata matano, mumuulize mwanafunzi: ni neno gani la swali lililokufanya ukate A? Mkisikia "niliona tu haifai", hapo ndipo pa kufundisha, hata kama herufi aliyochagua ilikuwa sahihi.

Na wewe msomaji, jioni hii toa karatasi yako ya mwisho. Usiangalie ulipokosa. Angalia maswali matano uliyopata, na kando ya kila jibu ulilolikata andika neno la swali lililolikataa. Ukikosa la kuandika, alama hiyo ulipewa na bahati, na huna hakika kama bahati itakuja nawe siku ya mtihani.