Kikao cha saa tatu asubuhi kinakula nyanya zako

Leo siandiki kuhusu mbolea wala mbegu. Naandika nikiwa na hasira kidogo, na sehemu ya hasira hiyo najielekezea mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa upande wa Kilolo, mwenye ekari moja ya nyanya, alinipigia simu usiku. Hata salamu hakuimaliza. "Bwana shamba, shikamoo, njoo uone, matunda yametobolewa." Nilienda kesho yake. Kantangaze alikuwa ameingia kwenye matunda, matundu madogo yamejipanga pale karibu na kikonyo, na kinyesi cheusi kimejaa. Nikamuuliza, hivi wewe si ndiye unayekagua shamba kila Jumatatu na Ijumaa? Akanifungulia daftari lake. Daftari lile ndilo limenifanya niandike haya.

Ijumaa ya kwanza alikagua mimea 40 kama tulivyokubaliana, akitembea kwa mtindo wa zigizaga, na mitatu ilikuwa na dalili. Aliijua dalili vizuri: si ule mstari mwembamba wa kujipinda kama nyoka, ambao ni kazi ya funza wa inzi mchimba majani, bali doa pana lenye uwazi ndani. Ukilishika jani kuelekea jua unamwona kiwavi na kinyesi chake. Akapanga kupuliza Jumatatu asubuhi. Huo ulikuwa uamuzi sahihi kabisa, maana viwavi walikuwa bado wadogo na matunda hayajaguswa.

Jumatatu kikundi chao kikaitisha kikao saa tatu. Kikaanza saa tano na nusu, kikaisha saa saba. Ajenda? Rangi ya fulana za siku ya wakulima. Jumatano kampuni moja ya pembejeo ikawakusanya kuwaambia yaleyale ya msimu uliopita, na ukikosa unaambiwa huna ushirikiano. Ijumaa akaingia shambani mapema, lakini dalali akampigia mara saba kabla ya saa nne, mara bei, mara gari, mara "nipigie picha nione rangi", wakati nyanya zenyewe bado mbichi. Akaacha kukagua kwenye mstari wa tatu. Jumatatu ya pili tena kuna kikao. Hicho, jamani, nilikiitisha mimi. Nilitaka kuandikisha majina. Majina hayo nilikuwa nayo tayari, ila fomu ilikuwa mpya.

Jumatano, siku ya 12, ndipo aliporudi kwenye mimea yake 40. Mimea 17 ilikuwa na dalili, na matunda yameshaanza kutobolewa. Hesabu ni rahisi. Yai la kantangaze huanguliwa ndani ya wiki moja hivi, mara nyingi siku nne au tano kukiwa na joto. Kiwavi hula kwa takribani wiki mbili, tena sehemu kubwa ya muda huo amejificha ndani ya jani au tunda. Mtu aliyekosekana shambani kwa siku 12 amempa kiwavi karibu maisha yake yote. Na akishaingia kwenye tunda, sumu haimfikii tena. Unabaki kuchuma matunda yaliyotobolewa, kuyafunga kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha juani, au kuyafukia kwa kina. Ukiyatupa pembeni mwa shamba umemfugia.

Watu hawanielewi ninapolalamikia saa tatu. Wanasema, "si afanye kazi mchana?" Kazi hii haihamishiki. Asubuhi na mapema majani yana umande, ukipuliza dawa inachuruzika chini. Umande ukishakauka una muda mfupi kabla jua halijawa kali, na huku kwetu upepo huanza mchana, unapeperusha dawa kwenda kwa jirani na usoni kwako. Kwa hiyo kwenye miinuko yetu muda mzuri ni kama saa mbili hadi saa nne. Kikao cha saa tatu kinakaa katikati kabisa ya muda huo. Yaani ungetafuta saa mbaya zaidi ya kumwita mkulima wa nyanya, usingeipata.

Tena fikiria gharama. Kile kikao cha fulana kilikuwa na watu 28, kila mmoja alipoteza saa nne ukijumlisha na kutembea. Hizo ni saa 112. Kibarua akifanya kazi saa sita kwa siku, kikundi kimechoma karibu siku 19 za kibarua kwa ajili ya rangi ya fulana. Na bado hawakukubaliana.

Kuhusu simu, ubaya wake mkubwa si dakika zinazopotea. Ubaya uko kwenye kuchanganya dawa. Umejaza bomba nusu, umekoroga unga wako kwenye ndoo ndogo, simu inaita. Unarudi: hivi nimeshamimina, au bado? Ukimimina mara mbili unaunguza majani. Usipomimina umepuliza maji matupu na unaamini umetibu, halafu wiki ijayo unakuja kuniambia dawa ni feki. Wengi wanaoniletea kesi ya dawa feki nikiwauliza walivyochanganya, hadithi ina simu ndani yake.

Huyu kijana tumemwekea utaratibu mmoja tu. Kabla ya kugusa maji anapima dawa ya mabomba yote ya siku hiyo, kila bomba na kifuko chake, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo, na anavipanga kwenye beseni moja palepale shambani. Kama ni mabomba sita, vifuko sita. Akiitwa na kurudi, anahesabu vifuko vilivyo vitupu, havidanganyi. Hakuna kifuko kinacholala, kwa sababu unga usio na lebo nyumbani kwenye watoto ni hatari. Simu anaiacha kwenye begi chini ya mti, na dalali ameshaambiwa: nipigie baada ya saa kumi. Dalali alinuna siku mbili. Nyanya anazihitaji, akarudi.

Vikao ni vigumu zaidi, kwa sababu ukikosa jina linaandikwa, na mgao wa mbegu ukija unakumbushwa. Siwaambii mgome. Lakini mwulize mwenyekiti kwa upole siku moja kabla: tunaamua nini kesho? Akishindwa kukujibu, tuma neno kwenye grupu la Wasapu kwamba unakubaliana na wengi, nenda shambani. Kama kuna kupiga kura kuhusu fedha za kikundi, hapo nenda, tena wahi.

Sasa upande wangu. Sisi maafisa ugani tunapenda vikao kwa sababu ripoti inataka idadi ya waliohudhuria. Nikikaa saa mbili na mkulima mmoja kwenye mistari yake ya nyanya, kwenye ripoti hiyo ni "1". Nikiwakusanya 40 chini ya mwembe wasisikie chochote, ni "40", na mkubwa wangu anafurahi. Nimeijua hii miaka mingi na nimeendelea kuifanya. Yule kijana kwenye mavuno mawili ya mwanzo alitupa karibu tenga moja katika kila manne, na moja ya zile asubuhi alizopoteza niliichukua mimi.

Kikao changu cha mwezi huu kimehama. Ni Alhamisi saa kumi jioni, shambani kwake, siyo ofisini. Dakika 45. Kila mtu aje na jani moja la nyanya kutoka kwake lenye doa analolitilia shaka, tuliangalie juani. Fomu ya mahudhurio nitaijaza mwenyewe nikirudi.