Tozo za Bandari Si Mauzo ya Wakala

Tozo za bandari anazolipa wakala wa forodha kwa niaba ya mteja si mapato yake, ingawa wapo wanaodai kwamba kila fedha inayoingia benki ni mauzo. Dai hilo linapotosha. Wakala wa Dar es Salaam akilipa tozo za shilingi 3,000,000, kisha akamdai mteja kiasi hichohicho pamoja na ujira wa 400,000, mapato yake ni 400,000 tu. Zile milioni tatu huandikwa kuwa deni la mteja, nalo hufutika akilipa. Ushahidi ni ankara ya bandari yenye jina la mteja. Wakala akiongeza hata 50,000 juu ya tozo, nyongeza hiyo ni mapato, na kuificha ni udanganyifu.