Alama kushuka si lazima iwe nafuu

Mwandishi, kusema tu kwamba alama za mgonjwa zimeshuka hakutoshi. Chukua PHQ-9, dodoso la sonona lenye alama 0 hadi 27. Huduma za tiba ya mazungumzo Uingereza hutaka badiliko la alama 6 au zaidi, kwa sababu chini ya hapo huenda ni kuyumba kwa kipimo tu. Kisha huangalia kama mtu ameshuka chini ya 10. Aliyetoka 11 hadi 8 amevuka mpaka, lakini alama 3 hazithibitishi kitu. Aliyetoka 20 hadi 13 amebadilika kweli, ila bado anaumwa. Aliyetoka 16 hadi 7 ametimiza yote mawili. Tafadhali tupeni alama ya mwanzo na ya mwisho, si tofauti peke yake.