Uso wenye Machozi Chini ya Tangazo la Msiba

Tangazo la msiba likishatumwa katika kundi la WhatsApp la msikiti, majibu mengi siku hizi hayana hata herufi moja. Tulipotangaza kifo cha mama mmoja wa Makambako, swala ya jeneza ikiwa baada ya Adhuhuri, na tukawaomba walioko Njombe mjini wachangie gari, zilijipanga alama: 🙏, 👍, na katikati yake 😂 kutoka kwa mzee wa heshima. Vijana wawili wakamjia juu palepale.

Walifanya haraka. Uso ule ni wa mtu aliyecheka hata machozi yakamtoka, lakini katika kioo kidogo mzee huyaona machozi tu, akadhani ni kilio. Tena WhatsApp ilipoanzisha alama za kubandika juu ya ujumbe, mwaka 2022, ilizipanga sita mstari mmoja, na kati ya 😂 na 😢 ilikuwapo alama moja tu. Kidole kilichokakamaa kwa baridi ya Njombe huteleza.

Kabla ya kuhukumu, tulirudi nyuma katika kundi. Mzee yule alikuwa ameweka 😂 chini ya misiba miwili iliyotangulia, na chini ya tangazo la nikaha aliandika kwa maneno, "Mabruk." Basi kwake ilikuwa alama ya majonzi. Mwenye dhihaka kwa kawaida hufanya kinyume: huitumia kwenye mzaha kila siku, na huibandika juu ya neno fulani la mtu fulani. Hata huyo hupigiwa simu faragha kwanza, kwa kuwa Suratul Hujurat, aya ya 6 na ya 12, imetutaka tuhakiki na tujiepushe na dhana. Tulimpigia mzee. Akajibu, "Nimelia, mwanangu. Hamkuyaona machozi?"

Kwa maoni yetu 👍 ina uzito zaidi, kwa sababu hugusa fedha. Huko Saskatchewan, Kanada, mwaka 2023 mahakama iliihesabu kuwa saini ya mkulima aliyetumiwa mkataba wa kuuza mbegu za kitani, ikamwamuru alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Hakimu alitazama mazoea yao: mikataba ya nyuma mkulima aliithibitisha kwa majibu mafupi, kisha akapeleka mzigo. Mafakihi wetu nao wana kanuni kwamba ada huamua.

Ada ya kundi letu, hata hivyo, ni nyingine. Wengi huweka dole gumba kumaanisha "nimeona", na wengine hawajasoma hata kiasi kinachoombwa. Kwa hiyo katika daftari la michango hatuandiki dole kuwa ahadi. Jina huingia pale mtu anapotaja kiasi. Siku hizi kila tangazo la mchango tunalimalizia hivi: "Andika kiasi utakachotoa, au andika NIMEONA."