Takwimu za afya: PDF bila saa ni hatari kwa walio mbali na rezo

Mpox aina mpya ilipogunduliwa Kamituga, katika territwari ya Mwenga, mwaka 2023, wengi walijiuliza habari za ugonjwa zinafikaje Bukavu, na zinarudije kule zilikotoka. Kwenda, njia ipo: nchi yetu inatumia mfumo wa kompyuta unaoitwa DHIS2, ambamo zoni za afya zinaingiza hesabu za wagonjwa. Kurudi ndiko kuna shida. Dashibodi, yaani ukurasa wenye michoro na ramani za hesabu hizo, inahitaji rezo nzuri ili ifunguke. Muuguzi wa Shabunda au Idjwi anaweza kumaliza mega zake zote akingojea mchoro mmoja.

Dawa inajulikana: kila dashibodi inapopokea hesabu mpya, kompyuta itoe picha yake katika PDF na kuituma kwa WhatsApp. Mtu anaipakua mara moja rezo inaporudi, kisha anaisoma hata porini. Naunga mkono kabisa. Lakini naona PDF nyingi zinatengenezwa kwa haraka, na PDF mbaya inadanganya kuliko kukosa PDF.

Kosa la kwanza ni la saa. Katika DHIS2, hesabu iliyoingizwa mchana haionekani papo hapo kwenye michoro. Kuna kazi ambayo mashine inaifanya, mara nyingi usiku, ya kupanga upya majedwali ambayo michoro inayasoma. Tuseme kazi hiyo inaanza saa nane usiku na inachukua saa moja na nusu, na PDF imepangwa kutoka saa tisa. Itatoka na hesabu za jana juu ya tarehe ya leo. Hakuna atakayegundua, kwa sababu kila kitu kinaonekana safi. Basi PDF isifuate saa ya ukutani, ingojee kazi iishe. Mfumo wenyewe unasema ilipofanyika kwa mafanikio mara ya mwisho: ukiuliza `/api/system/info`, unapata mstari `lastAnalyticsTableSuccess`. Saa hiyo ndiyo iandikwe juu ya kila ukurasa, si saa ambayo faili limetengenezwa. Na iwe kila ukurasa, kwa sababu watu wanatumiana ukurasa mmoja tu.

Kosa la pili ni mchoro mtupu. Programu inayopiga picha inaweza kuwahi kabla michoro haijajitokeza, nawe unapata fremu nyeupe zenye vichwa tu. Dalili yake ni uzito: faili ambalo kwa kawaida lina kilobaiti 300 likishuka hadi 60 ghafla, lisitumwe. Mtu alifungue kwanza.

Kosa la tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni kuonyesha wagonjwa bila kuonyesha vituo vilivyoripoti. Tuchukue mfano wa zoni yenye vituo 20. Wiki iliyopita vyote viliripoti, wagonjwa wakawa 23. Wiki hii wagonjwa ni 14. Mganga mkuu anafurahi, ugonjwa unashuka. Lakini chini yake, kama ingeandikwa, angesoma kwamba ni vituo 11 tu vilivyotuma taarifa. Wagonjwa 14 kwa vituo 11 ni wengi kwa kila kituo kuliko 23 kwa 20. Pengine ugonjwa unapanda, na vituo 9 vilivyonyamaza ndivyo visivyo na rezo.

Kwenye dashibodi hai, kosa hilo linajirekebisha taarifa za vituo hivyo zinapoingia. Kwenye PDF, 14 inabaki 14 milele ndani ya simu ya mtu. Ndiyo maana mstari mmoja, "vituo 11 kwa 20 vimeripoti", una thamani kuliko ramani nzima ya rangi. Na penye ukimya pasiandikwe sifuri. Paandikwe "haijafika".

Tena rangi zenyewe: PDF nyingi huku kwetu zinaishia kwenye mashine ya fotokopi. Nyekundu na kijani vyote vinatoka kijivu, kwa hiyo namba iandikwe ndani ya ramani.

Wapo watakaosema faili likishatumwa haliwezi kurudishwa, heri tungojee rezo iboreke. Ni kweli halirudi, ndiyo maana jina la mgonjwa au simu yake visiwemo kamwe, na kila PDF mpya iseme wazi inachukua nafasi ya ipi. Lakini kungojea si jibu. Kipindupindu hakingojei rezo, na anayeamua leo wapi apeleke klorini anaamua kwa karatasi aliyonayo mkononi. Tumpe karatasi inayokiri saa yake na mapungufu yake.